Lengo dola 4,200 kwa kitabu cha michoro: likosoeni pendekezo langu kabla sijalipandisha

Mchora_Wadudu (#1)

Wakuu, habari za leo. Nina kitabu cha michoro ya wadudu wa bustanini, kurasa 64 za rangi. Michoro inayohitajika ni 58 na hadi jana nimemaliza 41. Nataka kuchangisha mtandaoni kwa mtindo wa Kickstarter, yaani nisipofikisha lengo sipati hata senti na kila mtu anabaki na hela yake. Kabla sijabonyeza chochote naomba mlipasue pendekezo.

Lengo: dola 4,200. Mchapaji anataka 3,000 kwa nakala 500, na msanifu wa kurasa anataka 1,200. Jumla ndiyo hiyo.

Zawadi: dola 10 unapata kitabu kwa pdf. Dola 25 unapata kitabu chenyewe, posta bure popote duniani. Dola 45 kitabu na fulana. Dola 70 kitabu, fulana, bango kubwa la ukutani, na kadi niliyoiandika kwa mkono yenye mdudu wako mwenyewe.

Hadithi inaanza: "Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa nikiwapenda wadudu..." Vitabu kutumwa miezi mitatu baada ya kampeni kufungwa.

Swali langu ni moja tu: je, 4,200 ni kubwa mno kwa mtu asiyejulikana?

Kibuyu_Tupu (#2)

Mbu yumo?

Mchora_Wadudu (#3)

Yumo, ukurasa wa 37. Jike, maana ndiye anayeuma.

Hesabu_Kali (#4)

Mkuu, swali lako limekaa upande usio wake. Unauliza kama 4,200 ni kubwa mno. Mimi nasema ni ndogo kiasi kwamba ukifaulu utaumia kuliko ukishindwa.

Tuchukulie watu wote wanachagua kitabu cha 25. Watu 168 wanatosha kufikisha 4,200. Kengele inalia, unashangilia. Sasa tufungue bahasha ya mtu mmoja. Kickstarter wanachukua asilimia 5, hiyo ni 1.25. Wanaopitisha malipo wanachukua asilimia 3 na senti 20 juu yake, hiyo ni 0.95. Makato jumla 2.20. Bahasha ngumu na karatasi ya kuzuia unyevu weka dola 1. Posta "popote duniani" niliweka wastani wa 9, na hapo nimekuhurumia.

Kwa hiyo kila 25 inakuachia 12.80 ya kumlipa mchapaji na msanifu. Zidisha kwa 168, unapata 2,150.40. Wao wanakudai 4,200. Umefikisha lengo kwa asilimia mia na umebaki na shimo la dola 2,049.60, huku watu 168 wakisubiri kifurushi.

Kwa bei hizo ulizoandika unahitaji watu 329. Lengo linalolingana na ahadi zako ni 8,225.

Mchora_Wadudu (#5)

Nimesoma mara tatu. Nimekaa kimya kwanza.

Rubi_ya_Jumatano (#6)

Samahani wadau, nikichangia hiyo 70 gawio langu ni asilimia ngapi ya mauzo? Na linalipwa kwa mwezi au kwa mwaka?

Kibuyu_Tupu (#7)

Gawio lako ni nzi mmoja kwa mwezi.

BintiKalamu (#8)

@Rubi_ya_Jumatano hapana dada, hii si hisa. Unatoa fedha mapema ili kitabu kipatikane, unapewa kitabu. Kuna majukwaa mengine ya kuuza hisa kwa umma, ila yana sheria zake na hapa hatuko huko.

@Hesabu_Kali nakubaliana na hesabu lakini si hitimisho. Lengo si bajeti. Lengo ni tangazo. Mtu akifungua ukurasa akaona asilimia 20 baada ya siku kumi anaondoka, akiona asilimia 90 anajiunga. Ndiyo maana watu huweka lengo dogo, lijae siku ya pili, halafu wapite. Pebble, ile saa ya mkononi ya mwaka 2012, waliomba laki moja wakapata zaidi ya milioni 10.

Hesabu_Kali (#9)

Pebble waliomba laki moja kwa kuwa waliamini inatosha kuanza kutengeneza saa kwa idadi ndogo. Si sawa na kuomba nusu ya gharama ukitumaini umati utakuja kuziba. Lengo dogo ni dau: unaweka rehani jina lako kwamba watakuja wengine. Wasipokuja, jukwaa halikurudishii chaguo, fedha zimeshakatwa kwenye kadi za watu na ahadi ni yako. Lengo kubwa lisipofikiwa angalau hudaiwi na mtu.

Na hao Pebble wenyewe waliahidi Septemba, saa zikaanza kutoka Januari 2013.

BintiKalamu (#10)

Sijasema aombe nusu. Nimesema kuna sababu ya kibinadamu kwa nini watu hawaweki lengo la kweli. Usiifanye ionekane ni ujinga mtupu.

Mpakiaji (#11)

Mbona mnazunguka? Toza posta kando. Kitabu 25, posta kila mtu alipe ya kwake. Tatizo limekwisha, lengo libaki 4,200.

Hesabu_Kali (#12)

Nusu umepata. Kutoza posta kando ni sahihi, na "bure popote duniani" ndiyo sentensi ghali kuliko zote kwenye pendekezo hili. Ila ukiitoza ndani ya kampeni, ile posta inahesabiwa kwenye jumla inayosomeka juu, na makato yanakatwa hata kwenye posta. Kwa hiyo kipimo kinakudanganya: kinapanda kwa fedha ambazo si zako, ni za posta.

Fanya hivi. Kitabu 25 na posta 9, mtu analipa 34. Makato yanakuwa 2.92. Toa posta 9 na bahasha 1, zinabaki 21.08. Gawanya 4,200 kwa hiyo, unapata watu 200. Mara 34, lengo ni 6,800. Umetoka kwenye watu 329 hadi 200, si haba. Lakini haikurudi 4,200.

Mpakiaji (#13)

Sawa nimekubali, hilo la makato juu ya posta sikulijua. Basi nitoe ninalolijua vizuri, maana kufunga vifurushi ndiyo kazi yangu.

Hiyo 9 mmeitoa wapi? Hakuna aliyepima. Mleta uzi, chukua kitabu chochote cha kurasa 64 chenye ukubwa na karatasi kama yako, kifunge kabisa kama utakavyomtumia mtu, peleka posta wakipime. Bei za posta mara nyingi hazipandi gramu kwa gramu, zinaruka kwa madaraja. Kitabu cha gramu 480 kiko ndani ya nusu kilo. Weka kadibodi ya kuzuia kona zisipinde, umevuka 500, na bei imeruka daraja. Nimeona mtu akiongeza kibandiko, kialamisho na barua ya shukrani, vitu vya bure kabisa kwa mawazo yake, vifurushi vyote vikahamia daraja la juu. Kialamisho kile kilimgharimu kuliko kitabu.

Na hilo bango. Bango halikunjwi, linaviringishwa. Linataka mrija wa kadibodi, na kitabu hakiingii kwenye mrija. Kwa hiyo mtu wa 70 si kifurushi kimoja, ni viwili, na posta mbili. Umelihesabu hilo?

Mchora_Wadudu (#14)

Sikulihesabu. Nilidhani nitalikunja kidogo.

Kibuyu_Tupu (#15)

Kidogo mara nne. Mtu anapokea kumbikumbi mwenye msalaba kifuani.

Mrina_Asali (#16)

Mimi nilishafanya, acha niseme yaliyonikuta. Ilikuwa albamu ya muziki, si kitabu. Wachangiaji 212, lengo nililipita. Hesabu za posta nilikuwa nazo, namshukuru Mungu. Kilichonimaliza ni kitu ambacho hakikuwa na bei kwenye jedwali langu: barua za mkono. Niliahidi barua kwa kila aliyetoa kuanzia ngazi ya kati, wakatokea 140.

Barua moja dakika kumi, ukitaka isifanane na ya jirani. Hizo ni dakika 1,400, saa ishirini na tatu na ushei. Kwenye karatasi ni siku tatu za kazi. Kwa vitendo ilinichukua miezi miwili, kwa sababu baada ya barua ya nane mkono unauma na kichwa hakina neno jipya. Albamu zilikuwa zimekaa kwenye maboksi zinasubiri barua. Watu wakaanza kuuliza, nami nikaanza kuogopa kufungua ujumbe, na kimya changu ndicho kilichowaudhi kuliko kuchelewa kwenyewe.

Wewe umeahidi kadi yenye mdudu wa kila mtu. Mdudu mmoja unamchora kwa muda gani?

Mchora_Wadudu (#17)

Wa wino tu, dakika arobaini hivi. Wa rangi siku nzima.

Mrina_Asali (#18)

Wakija hamsini wa 70, wa wino tu ni saa thelathini na tatu. Na bado una michoro 17 ya kitabu chenyewe. Weka kikomo. Andika "nafasi 12 tu", jukwaa lenyewe linakuruhusu kufunga idadi ya zawadi. Mimi sikufunga kwa sababu niliona ni kama kukataa hela.

Hesabu_Kali (#19)

Asante @Mrina_Asali, hilo ni la thamani kuliko jedwali langu.

Ngoja nimalizie fulana maana bado inanisumbua. Ngazi ya 45 ni 20 juu ya kitabu. Fulana 8, uzito unaongeza posta 3, makato ya ziada 1.60. Inaonekana unabaki na 7.40, nzuri tu. Ila mchapa fulana atakwambia oda ya chini, tuseme ni 50. Wakichagua fulana watu 22, unalipa 50 nzima, dola 400. Wao 22 wamekuletea 338.80 baada ya makato na posta. Umepata hasara ya 61.20 na fulana 28 za kuvaa mwenyewe. Unahitaji 26 ili urudishe hela tu. Na hapo nimedhani saizi zote zitalingana na ulizoagiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu dunia iumbwe.

Kibuyu_Tupu (#20)

Zinabakia ndogo kabisa kumi na mbili na kubwa kabisa kumi na sita. Naongea kama mtu anayelala na fulana ya mkutano wa mwaka jana.

NyaraZaKale (#21)

Nawapeleka nyuma kidogo. Mwaka 1885 msingi wa kusimamishia Sanamu ya Uhuru kule New York ulikwama kwa kukosa fedha. Joseph Pulitzer, mwenye gazeti la *New York World*, akawaomba wasomaji wachange. Ndani ya miezi kama mitano zikapatikana zaidi ya dola laki moja, kutoka kwa watu zaidi ya laki moja, wengi wao wakitoa chini ya dola moja.

Ninacholeta si historia kwa ajili ya historia. Tazameni zawadi. Aliahidi kuchapa jina la kila aliyetoa, hata aliyetoa senti. Gazeti lilikuwa linachapwa kila siku vilevile. Zawadi ile ilimgharimu wino na mistari, na watu wakanunua gazeti ili wajione. Zawadi bora ni ile inayokaa juu ya kitu ambacho tayari unakitengeneza. Kwenye kitabu hiki, ukurasa wa majina nyuma unatosha. Fulana ni kufungua biashara ya pili.

BintiKalamu (#22)

Nzuri hiyo. Ingawa gazeti lake lilikuwa na wasomaji tayari. Mleta uzi ana wangapi?

Mchora_Wadudu (#23)

Orodha ya barua pepe 310. Na huwa wanafungua kama nusu.

BintiKalamu (#24)

Basi hapo ndipo swali lako la kwanza lilipo, na hakuna aliyelijibu. Watu 200 kutoka kwenye orodha ya 310 haiwezekani, hata kama wote wanakupenda. Jedwali la Hesabu linasema unahitaji 200, sawa, lakini jedwali halileti watu.

FundiMchapo (#25)

Habari, nimeuona uzi nimechelewa. Miaka kumi na moja nipo kwenye uchapaji. Kila mtu hapa ameichukulia ile 3,000 kama amri kutoka juu. Kwani nani kasema lazima nakala 500?

Mia tano ni ya ofseti. Gharama kubwa ya ofseti ni kuandaa mabamba na kuiweka mashine sawa, ndiyo maana nakala 200 na nakala 500 bei zake hazipishani sana. Uchapaji wa dijitali hauna mabamba, unalipa kwa nakala. Tuseme 9.50 kwa kitabu cha namna hii badala ya 6. Ghali kwa kimoja, lakini ukichapa 110 unalipa za 110.

Chukua ile 21.08 ya Hesabu, toa 9.50, inabaki 11.58. Deni lililobaki ambalo halibadiliki ni la msanifu tu, 1,200. Watu 104 wanatosha. Kwa 34 kila mmoja, lengo ni 3,536. Ni chini hata ya ile 4,200 yake, na hii haina shimo. Akipata wengi, kuanzia kama nakala 316 anahamia ofseti, hapo ndipo bei zinapokutana.

Hesabu_Kali (#26)

Nimevua kofia. Kweli niliichukua 3,000 kama ilivyo.

Mchora_Wadudu (#27)

@FundiMchapo rangi je? Michoro yangu ina kijani kingi cha mabawa, naogopa itatoka kama matope.

FundiMchapo (#28)

Omba nakala moja ya majaribio kabla ya kampeni, ulipie mwenyewe. Dijitali ya leo si ya zamani, ila kijani chenye mng'ao kama cha mbawakawa hakitoki sawa kwa mashine yoyote ya rangi nne, iwe ofseti iwe dijitali. Usiahidi mng'ao kwenye picha za ukurasa wako kisha utume kisichong'aa. Piga picha ya hiyo nakala ya majaribio na uitumie kwenye kampeni, si picha ya kwenye skrini.

Rubi_ya_Jumatano (#29)

Kwa hiyo hakuna gawio kabisa?

Kibuyu_Tupu (#30)

Dada Rubi, nzi wawili. Usimwambie mtu.

Mpakiaji (#31)

Sikubaliani na Fundi kwa jambo moja. Akichapa 110 kwa watu 104, ana sita za akiba. Vifurushi vinapotea, vinalowa, watu wanakosea anwani, wengine wanahama baada ya kampeni. Kutuma upya kimoja ni kitabu, bahasha na posta, karibu 20 kwa bei zenu hizo. Mimi nikimfungia mtu kazi namwambia aweke akiba ya vifurushi vitano kwa kila mia, na fedha zake zikae kando.

Halafu kodi ya kuingiza. Kuanzia Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya bei ndogo. Mchangiaji anaweza kudaiwa mlangoni, akakataa kifurushi, kikarudi kwako. Sema waziwazi kwenye ukurasa nani analipa, au usitume huko kabisa. Kuchagua sehemu chache za kutuma si dhambi.

Hesabu_Kali (#32)

Ongeza pia kwamba kampeni ikifungwa kadi za watu kadhaa zitakataa. Kile kipimo cha juu si kile kitakachoingia benki. Kwa hiyo 3,536 usiiweke ilivyo. Akiba ya vifurushi, kadi zilizokataa, nakala ya majaribio... mimi ningeandika 4,000.

NyaraZaKale (#33)

Inachekesha. Tumezunguka dunia nzima tumerudi karibu na 4,200.

Hesabu_Kali (#34)

Namba inafanana, kilicho ndani yake si kilekile. Ile ya kwanza ilikuwa na posta ya bure, fulana na mashine ya nakala 500.

Mrina_Asali (#35)

Mbona hakuna aliyeweka mshahara wa mchoraji? Michoro 58, na wa rangi ni siku nzima. Ni kama miezi miwili ya kazi, na kwenye jedwali ni sifuri.

BintiKalamu (#36)

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Nadhani asiuweke. Wachangiaji wananunua kitabu, si miezi yake miwili. Faida yake ni nakala atakazouza baadaye.

Mrina_Asali (#37)

Na kama hazitauzwa? Niliweka sifuri kwangu mimi, na nilipochelewa sikuwa na hata hela ya kumlipa mtu anisaidie kufunga. Sifuri ile ndiyo iliyowachelewesha watu.

FundiMchapo (#38)

Mchapaji analipwa, posta inalipwa, jukwaa linalipwa, mchoraji halipwi. Tumeizoea mpaka tunaona ni kawaida.

BintiKalamu (#39)

Akiweka mshahara wa miezi miwili lengo linapanda mara mbili na hafiki. Sasa mchague.

NyaraZaKale (#40)

Kwenye kuchelewa: Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza kampeni za Kickstarter, akachapisha mwaka 2014 kwamba zaidi ya robo tatu ya bidhaa zilizoahidiwa zilifika baada ya muda uliotajwa. Mwaka uliofuata uchunguzi wake mwingine ukakuta kama asilimia 9 ya kampeni zilizofaulu hazikutimiza ahadi. Kwa hiyo wengi wanaleta, ila wanachelewa. Miezi mitatu yako na michoro 17 imebaki... hm.

Mpakiaji (#41)

Kuna ile Coolest ya mwaka 2014, sanduku la barafu lenye blenda na spika. Waliomba elfu hamsini wakapata zaidi ya milioni 13, wachangiaji zaidi ya elfu sitini na mbili. Wakafunga biashara 2019 na watu kama elfu ishirini hawajapata kitu. Wenyewe waliulaumu ushuru wa bidhaa kutoka China.

Hesabu_Kali (#42)

Ushuru wa 2018 na 2019, kwa bidhaa iliyoahidiwa 2015? Bei ya kuchangia ilikuwa chini ya gharama ya kutengeneza na kusafirisha, ndiyo maana mwaka 2016 waliwaomba wachangiaji waongeze dola 97 ili wapate haraka. Kila mchangiaji mpya aliwaongezea hasara.

FundiMchapo (#43)

Kulikuwa pia na mgomo kwenye kiwanda cha mota za blenda. Usiudharau. Kitu kimoja kikikosekana, elfu sitini vinasimama.

BintiKalamu (#44)

Na waliuza Amazon kabla ya kuwapa waliochangia. Watu hawakusahau hilo.

Hesabu_Kali (#45)

Waliuza huko kwa bei kubwa ili wapate fedha za kuwatengenezea waliochangia. Mgomo, ushuru, vyote sawa, lakini bei ndiyo mzizi.

FundiMchapo (#46)

Mzizi kwako, kwa kuwa wewe unaona bei tu.

BintiKalamu (#47)

Turudi kwenye hadithi kabla uzi haujahamia barafu. "Tangu nikiwa mtoto mdogo" ifute. Kila mtu alikuwa mtoto mdogo. Anayesoma ukurasa ana maswali matatu kichwani: ni kitu gani, kimefika wapi, na kwa nini nikuamini kwamba kitafika kwangu. Wewe una jibu zuri na umelificha kwenye posti ya kwanza hapa: michoro 41 kati ya 58 imekamilika. Anza na hiyo. Onyesha mmoja uliokwisha na mmoja uliokwama katikati.

Halafu weka mahali hela inakwenda. Andika kwa sentensi, si mchoro wa duara: katika 34 yako, 9 ni ya posta, 9.50 ya mchapaji, na kuendelea. Watu wakiona hivyo hawaulizi kwa nini 34.

Mpakiaji (#48)

Wengine wataona posta 9 waseme kwetu ni 4. Nimeyaona hayo. Ukifungua jedwali unafungua mabishano.

BintiKalamu (#49)

Bora wabishane kabla ya kulipa.

Mchora_Wadudu (#50)

Wakuu asanteni. Nimetoka posta sasa hivi. Nilichukua kitabu cha dada yangu cha kurasa 64, nikakifunga kwa kadibodi. Gramu 512.

Bila kadibodi 466.

Nilivyobadilisha mpaka sasa: fulana imekufa. Bango limekufa. Ngazi ni tatu: pdf 10, kitabu 25 na posta kando kwa kanda mbili tu, na kitabu chenye mdudu wa wino kwenye ukurasa wa kwanza, 60, nafasi 12. Majina ya wote nyuma ya kitabu. Kutuma nimeandika miezi saba. Lengo nimeandika 4,000, nimefuta, nimeandika 4,400, nimefuta. Mshahara bado sijui.

Hadithi inaanza na mbawakawa aliyekwama kwenye mguu wa nne.

Hesabu_Kali (#51)

Ile pdf ya 10 ikishakatwa inakuachia 9 safi. Kitabu cha 34 kinakuachia 11.58 na kazi ya kufunga. Iangalie vizuri, huenda ndiyo ngazi yako bora.

BintiKalamu (#52)

Hakuna anayekuja kwa pdf ya kitabu cha michoro. Wanakuja kwa kitabu, wakishindwa posta ndipo wanachukua pdf.

Hesabu_Kali (#53)

Una ushahidi?

BintiKalamu (#54)

Nina macho.

FundiMchapo (#55)

@Mchora_Wadudu hiyo 512, usitoe kadibodi, kona zitapinda. Punguza karatasi. Kama umechagua ya gramu 170 shuka 150, macho hayaoni tofauti na kitabu kitapungua zaidi ya hizo 12 unazozitafuta. Ila kwa 150 rangi nzito inaweza kuonekana upande wa pili, hasa ukurasa wenye usiku. Una ukurasa wa usiku?

Mchora_Wadudu (#56)

Ninao wanne. Nondo na vimulimuli.

FundiMchapo (#57)

Basi omba nakala mbili za majaribio, moja ya kila karatasi.

Rubi_ya_Jumatano (#58)

Mimi nachukua ya 60, nafasi ya kwanza. Nataka kimulimuli. Ila nikihama nyumba mtanitumia wapi?